Majaribio ya bure yanaisha lini, na hela ya kwanza inakatwa siku gani? Maswali ninayoulizwa dukani Moshi

Nina duka dogo la steshenari na huduma za simu hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Karibu kila wiki huingia mtu ameshika simu yenye meseji ya benki, amekatwa hela na hajui amekatwa na nani. Tukikaa chini na kufuatilia, mara nyingi tunakuta ni programu aliyoijaribu bure siku kadhaa nyuma, akaweka namba za kadi kwa sababu aliambiwa hatalipa chochote, kisha akaisahau. Ukweli ni kwamba tarehe ya kukatwa ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza. Hapa nimekusanya maswali ninayoulizwa kuhusu kuitafuta tarehe hiyo. Nimekaa zaidi kwenye simu za Android zinazolipa kupitia `Google Play`, kwa kuwa ndizo nyingi ninazoletewa.

## Kwenye Android, tarehe ya mwisho wa majaribio naiona wapi?

Fungua `Play Store`, gusa picha yako iliyo juu kulia, ingia `Payments & subscriptions`, kisha `Subscriptions`. Kama simu yako umeiweka kwa Kiswahili, maneno hayo yatakuja kwa Kiswahili, ila mpangilio ni uleule. Utaona orodha ya kila kitu ulichojiunga nacho kupitia akaunti hiyo. Gusa jina la programu unayoitaka, na ndani utakuta bei pamoja na tarehe ya malipo yanayofuata. Kama bado uko kwenye majaribio, tarehe hiyo ndiyo mwisho wa majaribio na ndiyo siku ya kukatwa hela kwa mara ya kwanza. Ni kitu kimoja. Watu wengi hudhani kuna siku ya majaribio kuisha, halafu zinapita siku mbili tatu za kujifikiria kabla ya malipo. Hakuna nafasi hiyo.

Njia ya pili ni barua pepe. Siku uliyojiunga, Google ilituma risiti kwenye Gmail yako, hata kama ulilipa sifuri. Ndani yake kuna namba ya oda inayoanza na `GPA.`, jina la programu, bei na maelezo ya lini utaanza kulipa. Andika `GPA` kwenye sehemu ya kutafuta ya Gmail na risiti zako zote zitajipanga. Mimi huanza na barua pepe kila mara, kwa sababu inaonyesha pia saa uliyojiunga, na saa hiyo ina maana, kama nitakavyoeleza chini.

Njia ya tatu ndiyo bora kuliko zote, lakini inapatikana mara moja tu: ni ule ukurasa unaopanda kutoka chini ya kioo kabla hujagusa kitufe cha kujiunga. Pale pameandikwa unaanza leo bure, na chini yake kuna mstari wenye tarehe na bei utakayoanza kulipa. Piga picha ya kioo hapohapo. Sekunde moja tu, na huna haja ya kutafuta kitu baadaye.

## Nimeingia `Subscriptions`, sioni kitu. Ina maana sijajiunga?

Hapana, usitulie bado. Simu nyingi zina Gmail mbili au tatu: ya kwako, ya zamani uliyotengenezewa na fundi siku uliponunua simu, pengine na ya mtoto. Usajili unakaa kwenye akaunti ile iliyotumika siku ya kujiunga tu. Gusa picha yako juu kulia, kisha gusa kimshale kilicho pembeni ya jina ili ubadilishe akaunti, halafu rudia hatua zote. Fanya hivyo kwa kila akaunti iliyo kwenye simu.

Kama hakuna kitu kwenye akaunti zote, basi huenda ulijiunga moja kwa moja kwenye tovuti ya kampuni husika, na `Play Store` haijui lolote kuhusu usajili huo. Soma meseji ya benki. Malipo yaliyopitia Google huwa na neno `GOOGLE` mbele ya jina la programu, na ya Apple huandikwa `APPLE.COM/BILL`. Ukiona jina jingine kabisa, hilo ndilo la kufuatilia.

## Siku 7 zinahesabiwaje? Siku niliyojiunga nayo imo?

Hapa ndipo watu wazima na akili zao wanapokosana na kalenda. Sisi tumezoea kuhesabu siku kwa kuijumlisha ya leo: mtu akilazwa Jumatatu akatoka Jumatano, tunasema amelala siku tatu. Kompyuta haihesabu hivyo. Inachukua tarehe uliyojiunga na kuongeza 7. Ukijiunga tarehe 4, majaribio yanafika tarehe 11. Kwa jinsi hiyo siku ya kujiunga haihesabiki, lakini siku ya mwisho haiko salama nzima, kwa sababu inakatikia katikati.

"Mwezi mmoja" na "siku 30" navyo si kitu kimoja. Ukijiunga tarehe 5 Januari kwa majaribio ya mwezi, malipo yanakuja tarehe 5 Februari. Yakiwa ya siku 30, yanakuja tarehe 4 Februari, kwa kuwa Januari ina siku 31. Na aliyejiunga tarehe 31 Januari kwa mwezi mmoja hana tarehe 31 Februari ya kusubiri, kwa hiyo mifumo mingi humkata siku ya mwisho ya Februari. Kwa sababu hii mimi sihesabu vidole kama tarehe iliyoandikwa ipo. Nahesabu tu ili kuona kama inaingia akilini.

## Kuna mtu aliyekatwa akiwa mlimani. Ilikuwaje?

Nimeulizwa habari hii mara nyingi kiasi kwamba nimeona niieleze vizuri, kwa ruhusa yake. Ni kijana anayeongoza watalii Kilimanjaro. Jumatano tarehe 4 Juni 2025, saa 4 na dakika 10 usiku, alijiunga na programu ya kutambua mimea kwa picha, maana wageni humuuliza kila ua wanaloliona njiani. Majaribio siku 7 bure, baada ya hapo dola 39.99. Akawaza: wiki moja, nitaijaribu na wageni hawa, nikirudi nitaamua.

Ijumaa tarehe 6 alianza safari ya njia ya Lemosho, siku nane. Tukaze macho kwenye hesabu. Siku ya kwanza ya safari ni tarehe 6, kwa hiyo siku ya nane ni tarehe 13. Majaribio yalikuwa yanafika tarehe 11. Tarehe 11 ni siku ya sita ya safari, na kwa mpangilio wa siku nane, siku ya sita watu wanafika kambi ya Barafu, mita 4,673, wanalala mapema ili usiku wa manane waanze kupanda kileleni. Simu ameizima kutunza chaji, betri inakufa haraka kwenye baridi ile. Jioni hiyohiyo, huku chini, kadi yake ikakatwa.

Alipofika dukani kwangu tarehe 14 alianza kwa kusema, "Dada, hawa watu wameniibia." Tukafungua Gmail. Risiti ya tarehe 4 ilikuwepo, na tarehe 11 Juni ilikuwa imeandikwa wazi. Kilichomuumiza zaidi si tarehe, ni kiasi. Yeye alielewa dola 39.99 ni mpango ambao angeuacha baada ya mwezi mmoja kama haumfai. Kumbe ile ilikuwa bei ya mwaka mzima, zaidi ya shilingi laki moja zilizoondoka kwa mkupuo. Ndiyo maana kila ninapomtafutia mtu tarehe, namwonyesha na neno lililo pembeni ya bei: `/month` ni kwa mwezi, `/year` ni kwa mwaka, `/week` ni kwa wiki. Programu nyingi huweka mpango wa mwaka ukiwa umeshachaguliwa tayari na majaribio ya bure yameambatishwa kwenye huo, na malipo ya kwanza baada ya majaribio ni ya mwaka wote, si sehemu yake.

Angefanya nini? Tarehe 4 usiku angeona kwamba tarehe 11 yuko mlimani, na tarehe 5, akiwa bado Moshi, angesitisha. Programu ingeendelea kufanya kazi mpaka tarehe 11, yaani siku sita za kwanza za safari, bila kulipa kitu. Wale mnaofanya kazi mlimani, au mnaoingia mbugani kutoka Arusha kwa siku nyingi, angalieni tarehe ya kurudi kabla ya kujiunga.

## Siku yenyewe, ni saa ngapi hasa wanakata?

Kwa kawaida ni karibu na saa ileile uliyojiunga, lakini sikushauri uifukuzie dakika. Mfumo unaweza kuanza kutuma maombi ya malipo mapema kuliko unavyodhani, na mtandao ukikusumbua jioni ya mwisho umekwisha. Mimi huwaambia wateja wangu waache siku mbili kamili kati ya kusitisha na tarehe iliyoandikwa.

Tatizo jingine ni saa za dunia. Tovuti nyingine huandika kwamba majaribio yanaisha `June 11, 12:00 AM UTC`. Hapo kuna mitego miwili. Kwanza, 12:00 AM ni saa sita usiku, ile inayoianza tarehe 11, wala si inayoimaliza. Mtu anayesoma haraka anajipa siku nzima ya tarehe 11 ambayo hana. Pili, `UTC` ni saa ya kimataifa, na hapa kwetu tumeitangulia kwa saa tatu, kwa hiyo kwetu inakuwa saa tisa usiku, alfajiri ya tarehe 11. Kampuni ya Marekani ya pwani ya magharibi ikiandika `June 10, 11:59 PM PT`, kwa mwezi Juni sisi tumewatangulia saa kumi, kwa hiyo kwetu ni tarehe 11 saa 3 na dakika 59 asubuhi. Hapo umepata nyongeza. Lakini kampuni ya Sydney ikihesabu saa sita usiku ya kwao, kwetu ni saa kumi na moja jioni ya siku iliyotangulia, watu ndiyo kwanza wanafunga maduka.

## Barua pepe imeandika 06/11/2025. Si bado Novemba?

Angalia imetoka wapi. Sisi tunaandika siku kwanza, mwezi unafuata. Wamarekani wanaanza na mwezi. Kwao 06/11/2025 ni tarehe 11 Juni. Mama mmoja wa Majengo alikuwa ametulia kabisa akijua ana miezi mitano mbele yake, kumbe alikuwa na siku tatu. Kama namba zote mbili ni 12 au chini yake, huwezi kujua kwa kutazama tu. Linganisha na tarehe uliyojiunga: majaribio ya siku 14 hayawezi kuisha baada ya miezi mitano.

## Nikisitisha leo, siku zilizobaki za bure zinapotea?

Kwa `Google Play`, hapana. Ukisitisha siku ya pili, unaendelea kutumia mpaka tarehe ya mwisho wa majaribio, halafu inafunga yenyewe. Kwa hiyo hakuna faida yoyote ya kusubiri siku ya mwisho. Unaweza hata kusitisha dakika tano baada ya kujiunga, na mimi hufanya hivyo kwa programu zangu zote. Ukiipenda, utajiunga tena kwa hiari yako.

Njia ni ileile ya kutafuta tarehe: `Subscriptions`, jina la programu, kisha `Cancel subscription`. Itakuuliza sababu, chagua yoyote, thibitisha. Usiondoke hapo mpaka urudi kwenye orodha na kuona kwamba programu hiyo imewekwa alama ya kusitishwa. Nimeona watu walioishia kwenye swali la sababu wakafunga simu, wakaamini wamemaliza.

## Si nimeshaifuta programu kwenye simu?

Kuifuta programu hakusitishi usajili. Programu iko kwenye simu, usajili uko kwenye akaunti yako, na kadi imeshikiliwa na akaunti. Hata ukiuza simu hiyo, tarehe itafika na utakatwa.

## Na nikiacha kadi bila hela?

Watu wengi hapa wanatumia kadi wanayoijaza kiasi cha manunuzi tu, wakiamini kadi tupu ni kinga. Inasaidia siku ile, lakini usajili unabaki hai. Malipo yakishindikana, mfumo hujaribu tena, unaweza kurudia kwa siku nyingi. Unaijaza kadi mwisho wa mwezi ili ulipie kitu kingine, na ombi lile la zamani linapita mbele yako. Dalili yake ni meseji za benki za muamala uliokataliwa kwa kiasi kilekile kila baada ya siku chache, au barua pepe ya kukuomba urekebishe njia ya malipo. Ukiona hivyo, ingia ukasitishe kwa njia ya kawaida.

## Siku ya kwanza tu nimeona meseji ya dola 1. Majaribio si bure?

Hiyo mara nyingi ni kuhakikisha kadi inafanya kazi. Kiasi kidogo kinashikiliwa, kisha kinaachiwa, ingawa benki inaweza kuchukua siku kadhaa kukirudisha kwenye salio. Usiihesabu tarehe hiyo kuwa ndiyo ya malipo ya kwanza. Kama kiasi kilichoondoka kinalingana na bei kamili ya mpango, basi hukupewa majaribio. Mara nyingi ni kwa sababu akaunti hiyo ilishawahi kuyatumia.

## Mimi natumia iPhone.

Ingia `Settings`, gusa jina lako juu kabisa, kisha `Subscriptions`. Tarehe iko chini ya jina la kila programu. Apple wenyewe wanasema usitishe angalau saa 24 kabla ya majaribio kuisha, kwa hiyo kama tarehe ni 11, fanya tarehe 9 na ulale usingizi. Ukiingia na usikute kitufe cha kusitisha, au ukakuta maneno mekundu ya kueleza kwamba usajili unaisha, ujue ulishasitishwa. Angalizo moja: baadhi ya majaribio ya huduma za Apple wenyewe hukatika palepale unapositisha, kwa hiyo soma ujumbe unaotokea kabla ya kuthibitisha.

## Nilijiunga kwenye tovuti kwa kompyuta. Nianzie wapi?

Ingia kwenye akaunti yako ya tovuti hiyo, tafuta sehemu yenye jina kama `Billing`, `Plan` au `Subscription`. Tarehe huwa pembeni ya maneno `Next billing date` au `Trial ends`. Kama huioni, fungua barua pepe ya siku uliyojiunga, tafuta neno `trial` pamoja na jina la kampuni, na angalia pia kwenye taka. Kama umesahau ulitumia barua pepe ipi, weka kila anwani yako kwenye sehemu ya kubadilisha nywila ya tovuti hiyo. Itakayoletewa kiungo ndiyo yenye akaunti.

Kuhusu mwanafunzi mmoja aliyeniletea kompyuta kutoka Arusha: alikuta tarehe tatu tofauti kwenye ukurasa mmoja. Ya kwanza ilikuwa siku ya kujiunga, ya pili mwisho wa majaribio, ya tatu mwisho wa mwezi wa kwanza wa kulipia. Tarehe ya kujali ni ile iliyo karibu kuliko zote kati ya zilizo mbele yako.

## Nimeshakatwa. Nimechelewa?

Anza kwa kusitisha, ili usikatwe tena kipindi kijacho. Kisha omba kurudishiwa, na fanya haraka. Kwa `Google Play`, nafasi nzuri ni ndani ya saa 48 tangu kukatwa. Baada ya hapo Google mara nyingi hukuelekeza kwa mtengenezaji wa programu mwenyewe. Kwa Apple, maombi yanapelekwa `reportaproblem.apple.com`. Andika ukweli kwa sentensi mbili: ulikuwa kwenye majaribio, hukukusudia kuendelea, na hujaitumia tangu tarehe ya malipo. Weka namba ya oda.

Yule kijana wa Lemosho alikuja siku ya tatu, saa 48 zilikuwa zimeshapita. Tulimwandikia mtengenezaji, tukaambatisha namba ya `GPA` na kueleza kwamba alikuwa mlimani na programu haikufunguliwa tangu tarehe 11. Siku nne baadaye walijibu kwamba watarudisha. Hela iliingia kwenye kadi yake wiki iliyofuata, pungufu kidogo kwa sababu ya kubadilisha dola.